Mtoto Akinywa Petroli au Dawa ya Wadudu, Usimtapishe

Mwezi huu tulitaka kuandika juu ya madaftari ya watoto, lakini jambo lililotokea kwa jirani zetu pale Buyenzi limetubadilishia mpango. Mama mwenyewe ametuomba tuliandike, bila kutaja jina lake, ili wengine wasifanye kama walivyofanya wao.

Ilikuwa saa kumi na moja jioni. Mama alikuwa anawasha makaa kwenye mbabula ili apike chakula cha usiku. Kama wengi wetu tunavyofanya, alimwagia makaa petroli kidogo kutoka kwenye chupa ya Fanta, akaiweka chupa chini karibu na ukuta, akaingia ndani kuchukua sufuria. Mtoto wake wa kike, mwaka mmoja na miezi minane, alikuwa amecheza juani tangu mchana na alikuwa na kiu. Aliiona chupa, na chupa ile anaijua. Ndani kulikuwa na kitu cheupe kama maji.

Mama alisikia kikohozi. Alipotoka, chupa ilikuwa imelala, petroli imemwagika kifuani kwa mtoto, na mtoto anakohoa huku macho yanatoka machozi. Halafu kikohozi kikatulia. Mtoto akalia kidogo, akanyamaza, akataka kubebwa. Kwa wakati ule, wanasema, alionekana mzima kabisa.

Ndipo majirani wakaja, na kila mmoja akaja na dawa yake. “Mama, mpe maziwa!” “Hapana, mpe mawese, yatavuta sumu!” “Mtapishe haraka, itoke kabla haijaingia kwenye damu!” Bibi wa mtoto, ambaye amelea watoto tisa na anaheshimiwa na mtaa mzima, alimnywesha mawese vijiko viwili, kisha akamwingiza kidole kooni. Mtoto alitapika. Alitapika mara ya kwanza, mara ya pili, na ya tatu akapaliwa, akageuka rangi midomoni. Kuanzia hapo hakupumua vizuri tena. Alipumua mbio mbio, kifua kinaingia ndani chini ya mbavu, na kila pumzi ikitoa sauti kama ya mtu anayeinua mzigo.

Tuseme mapema: mtoto yupo, anacheza. Lakini alilala hospitali siku tano, na siku tatu kati ya hizo alikuwa na mpira wa oksijeni puani. Daktari hakumgombeza mtu. Alimwambia tu mama sentensi ambayo ndiyo imetufanya tuandike ukurasa huu: petroli iliyokuwa tumboni isingemsumbua sana, iliyomsumbua ni ile iliyopita kwenye mapafu.

Sasa wengi tulishangaa. Sisi sote tumekua tukisikia kwamba sumu lazima itolewe. Ni akili ya kawaida: kitu kibaya kimeingia, basi kitoke kwa njia ile ile kilichoingilia. Kwa petroli akili hiyo inadanganya, na ni vizuri tueleze kwa nini, maana mtu aliyeelewa sababu hatashindwa na kelele za majirani.

Chukua sakafu ya saruji. Mwaga maji kidogo, utaona yanakaa pamoja, yanakwenda polepole. Mwaga petroli kiasi kile kile, inatambaa na kuenea upesi, inaingia kila ufa. Ni nyembamba na inateleza. Ndani ya koo la mtoto kuna njia mbili zinazoanzia mahali pamoja, moja ya chakula kwenda tumboni na nyingine ya hewa kwenda kwenye mapafu. Tunapomeza uji au maji, kuna kifuniko kidogo kinachoziba njia ya hewa. Petroli inakichokoza koo, mtoto anakohoa, anavuta hewa ghafla, na wakati huo huo kitu kile chembamba kinateleza na kuingia njia ya hewa.

Tumboni petroli haifanyi kazi kubwa. Mwili unavuta kidogo tu, na nyingine inatoka na choo. Mtoto mdogo kwa kawaida anameza funda moja au mawili, maana ladha yake ni mbaya, na funda la mtoto wa umri huo ni kama kijiko cha chai. Lakini ndani ya mapafu mambo ni mengine. Mapafu yameundwa na vifuko vidogo vidogo vingi sana vya hewa, na kila kifuko kimepakwa ndani kitu kama sabuni ya majimaji ambacho kinakizuia kisijifunge. Petroli inayeyusha kile kitu. Vifuko vinanyauka, vinavimba, vinajaa maji, na hewa haina pa kuingia. Kwa kufanya hivyo haihitaji kikombe. Hata mililita moja, yaani sehemu ndogo tu ya kijiko cha chai, ikifika kwenye mapafu inaweza kumlaza mtoto.

Sasa fikiri mwenyewe. Mtoto amemeza funda, limefika tumboni, mahali ambapo madhara ni madogo. Wewe unamtia kidole. Funda lile linapanda juu tena kwa nguvu, linapita kwenye ile njia panda ya koo kwa mara ya pili, na safari hii mtoto analia, anapaliwa, anavuta hewa kwa hofu. Akitapika mara tatu amepitishwa hatari ile mara tatu. Ndiyo maana tunasema kumtapisha si kumsaidia.

Maziwa na mawese yanaingia hapo hapo. Watu wanaamini maziwa yanaua sumu. Kwa petroli hayaui kitu. Yanachofanya ni kujaza tumbo, na tumbo lililojaa la mtoto aliyechafuka roho linatapika lenyewe. Mawese ni mabaya zaidi, kwa sababu na yenyewe ni mafuta, na yakiingia kwenye mapafu yanaongeza ugonjwa. Vivyo hivyo maji ya chumvi, maji ya sabuni, mkojo, yai bichi, na makaa ya kusaga. Bibi wa mtoto alituuliza, “Basi nisimpe hata maji?” Jibu letu ni hapana, bibi. Mpanguse mdomo kwa kitambaa safi chenye maji, basi. Hata titi lisubiri mpaka muuguzi aseme.

Kuna wazee watatuambia kwamba zamani hata waganga wa hospitali walikuwa wanatapisha. Ni kweli, hawadanganyi. Katika nchi za wazungu wazazi walishauriwa kwa miaka mingi kuweka nyumbani dawa ya maji inayoitwa ipekaki, kazi yake kutapisha tu. Mwaka 2003 chama cha madaktari wa watoto wa Marekani kiliwaambia wazazi wasiitumie tena nyumbani, na walio nayo waitupe. Haikuonekana kuwasaidia watoto waliokunywa sumu. Kwa petroli na vitu vya kuunguza ilikuwa imekatazwa hata kabla ya hapo. Kwa hiyo wazee wetu hawakuwa wajinga, walifuata kilichosemwa wakati wao, nacho kimebadilishwa.

Na tuelewane kwa majina, maana mitaani kwetu yanachanganyika. Tunaposema petroli hapa tuna maana ya mafuta ya taa, kama tunavyosema sisi wa Burundi na Kongo. Lakini sheria ni hiyo hiyo kwa esansi ya magari, kwa mazuti, kwa dawa ya kulainisha rangi, na kwa mafuta membamba ya mashine. Tangu mafuta yalipoanza kuwa shida hapa Burundi, watu wengi wanaweka esansi chumbani, ndani ya bido na chupa za maji za plastiki, chini ya kitanda. Hata asiye na koroboi siku hizi anaweza kuwa na sumu hii nyumbani.

Basi la kufanya kwanza ni nini? Tumelipanga kama lingetakiwa kufanyika jioni ile pale Buyenzi.

Mama angeiondoa chupa na kumwinua mtoto, amkalishe wima, uso umeinama mbele kidogo. Angetazama mdomoni na kupangusa kilichobaki. Angemsogeza mbali na mbabula, kwa sababu nguo zilizolowa petroli zinashika moto, na jambo hili watu husahau kabisa katika haraka. Angemvua nguo zile zote na kumwosha kifua, shingo na mikono kwa maji na sabuni. Petroli ikikaa kwenye ngozi laini ya mtoto inaunguza kama maji ya moto, na harufu yake anaendelea kuivuta. Kuosha huku ni kwa dakika chache tu, na wakati mmoja anaosha, mwingine anatafuta tuktuk.

Kisha safari. Hapa kuna kosa ambalo sisi wote tungelifanya. Mama akipata haraka anamfunga mtoto mgongoni kwa kitenge na kukimbia. Usimfunge mgongoni. Huwezi kuona uso wake wala kifua chake, na tumbo lake linabanwa hata kutapika. Mshike mbele, amekaa wima mapajani. Akiwa amelegea au ana usingizi, mlaze ubavu, kichwa kiwe chini kidogo kuliko makalio. Akitapika mwenyewe, maana wengine hutapika bila kulazimishwa, mwinamishe mbele au mgeuze ubavu haraka ili matapishi yatoke nje na yasirudi kooni. Usimlaze chali.

Beba chupa yenyewe, au chukua kidogo cha kilichokuwa ndani, ukiifunga vizuri. Pale hospitali swali la kwanza ni “amekunywa nini,” na la pili “saa ngapi.” Angalia saa kwenye simu wakati unapomkuta. Usipitie famasi kwanza. Familia hii ilipita kwenye famasi moja ya njiani, ikauziwa sirapu ya kikohozi, na robo saa ikapotea.

Na karatasi je? Tunajua shida ya wakimbizi na karatasi. Mwaka 2006 serikali ya Burundi ilitangaza matibabu ya bure kwa watoto wa chini ya miaka mitano katika vituo vya serikali, kwa hiyo kwa mtoto mdogo mama asikae nyumbani akitafuta kadi au akingoja baba arudi na pesa. Nenda na mtoto, ndugu mwingine atafuata na karatasi. Mjini tuna hospitali ya Prince Régent Charles na ile ya Kamenge ambayo watu huita Roi Khaled. Kambini anzeni kwenye kituo cha afya cha kambi, wao ndio wenye njia ya kuomba gari la wagonjwa.

Sasa kuna mtoto wa aina nyingine, yule ambaye amekohoa mara moja, ametulia, na sasa anacheza mpira. Huyu ndiye anayetudanganya. Dalili nyingi huanza ndani ya nusu saa ya kwanza, lakini kuna watoto ambao pumzi zao hubadilika baadaye, mpaka saa sita zimepita. Kwa sababu hiyo hospitali humweka mtoto chini ya macho kwa saa sita hivi hata kama haonyeshi kitu, na akibaki mzima muda wote huo kwa kawaida anarudishwa nyumbani. Ikiwa alikohoa au alipaliwa wakati wa kunywa, jua kwamba kiasi fulani huenda tayari kimepita kwenye mapafu. Mpeleke tu, hata akicheka.

Unaweza kumpima mwenyewe njiani, huhitaji chombo. Inua shati, tazama tumbo na kifua wakati mtoto ametulia, na hesabu pumzi kwa dakika moja nzima ya saa ya simu. Kupanda na kushuka ni pumzi moja. Mtoto wa mwaka mmoja mpaka mitano akifika pumzi 40 au zaidi kwa dakika, anapumua mbio. Mchanga wa miezi miwili mpaka kumi na moja, ni 50 au zaidi. Usihesabu robo dakika ukazidisha kwa nne, watoto hupumua bila mpangilio na utakosea. Tazama pia kama nyama chini ya mbavu inaingia ndani kila anapovuta hewa, kama pua inapanuka, kama kuna ule mguno wa mwinua mzigo. Kwa ngozi zetu nyeusi, rangi ya kukosa hewa itafute ndani ya midomo na kwenye ulimi. Mtoto mwenye dalili hizi anahitaji oksijeni, na oksijeni haipatikani famasi.

Wazazi wengine hulalamika kwamba hospitali “haikumsafisha tumbo.” Wamefanya sawa. Kusafisha tumbo kwa mpira kunaweza kuleta kutapika kule kule tunakokukimbia, ndiyo maana kwa petroli kwa kawaida hawafanyi. Homa nayo huja siku ya kwanza, na mara nyingi inatoka kwenye mapafu yaliyochokozwa, si lazima iwe vijidudu. Watampa oksijeni, watampiga picha ya kifua ikiwezekana, na watangoja mapafu yajiponye. Siku ya kwanza na ya pili mara nyingi ndizo mbaya, mama asikate tamaa akiona mtoto amezidi usiku wa kwanza.

Tuingie kwenye dawa za wadudu, maana hapo watu wanatuuliza: “Sawa, petroli tumeelewa. Lakini dawa ya nyanya ni sumu ya kweli, hiyo si lazima itoke?”

Swali ni zuri. Jibu bado ni usimtapishe, na hapa sababu ni mbili. Ya kwanza wengi hatukuijua. Dawa nyingi za maji za kupulizia mashambani hazikuyeyushwa kwa maji kule kiwandani, zimeyeyushwa ndani ya mafuta ya jamii ya petroli. Wale waliofanya kibarua cha kupulizia nyanya au pamba katika bonde la Rusizi wanaijua ile harufu, na wameona jinsi dawa ikimiminwa kwenye maji inavyogeuka nyeupe kama maziwa. Hayo ni mafuta yanayochanganyika na maji. Kwa hiyo mtoto aliyekunywa dawa hiyo amekunywa sumu mbili kwa pamoja, na ukimtapisha unayarudia yale yale ya petroli. Sababu ya pili ni kwamba dawa hizi zinaweza kumwangusha mtoto kwa dakika chache, akapoteza fahamu au akatetemeka degedege. Ukiwa umemtia kidole, matapishi yatamkuta hana nguvu ya kukohoa.

Namna dawa hizi zinavyoua ni tofauti na petroli, na inafaa kuijua kwa sababu dalili zake ni za ajabu. Kundi moja linalotumika sana mashambani huharibu kile kinachozima amri za mishipa ya fahamu. Mwili unabaki kama bomba ambalo halifungiki. Kila kinachotoa maji kinatoa: mate yanamwagika, machozi, jasho, makamasi, mkojo, kuhara, kutapika. Mboni ya jicho inakuwa ndogo kama ncha ya sindano, hata gizani. Nyama za uso na mikono zinacheza cheza zenyewe. Ndani ya kifua nako kunajaa ute, mtoto anakoroma kama ana maji, na huko ndiko kifo kinakotokea. Dawa yake ipo, inaitwa atropini, ni ya sindano, na hurudiwa kila baada ya dakika chache mpaka kifua kikauke. Ni dawa ya kawaida, si ya ajabu. Lakini inatolewa na watu wanaojua, na dakika za kuifikia ndizo zinazoamua.

Jirani mwingine, baba anayefanya kibarua upande wa Gatumba, alitusimulia ya mwanawe wa miaka mitatu. Alileta nyumbani dawa iliyobaki ndani ya kikopo cha yaguti, akakusudia kuua kunguni wa kitanda. Mtoto alinywa kidogo na kumwaga nyingi tumboni na miguuni. Jirani mmoja mwanamke, ambaye hakusoma sana lakini aliwahi kufundishwa na bwana shamba, alikataa katakata mtoto asitapishwe wala kunyweshwa. Alivaa mifuko ya plastiki mikononi, akamvua mtoto kila kitu, akamwosha kwa sabuni na maji mengi kuanzia nywele mpaka vidole, ndoo baada ya ndoo. Baba yeye alikuwa amembeba mtoto kifuani kabla ya kuoshwa, na shati lake lililolowa hakulivua. Walipofika hospitali mtoto alikuwa anatoka mate na mboni zimekuwa ndogo, akaanza sindano mara moja. Baba naye, baada ya saa moja, akaanza kutoka jasho na kuumwa tumbo, akalazwa kitanda cha jirani. Wote wawili walirudi nyumbani.

Hapo ndipo tofauti kubwa na petroli ilipo: dawa ya wadudu hupenya ngozi. Kumvua na kumwosha mtoto ni tiba, si usafi tu. Ikiingia machoni, miminia maji safi polepole kwa robo saa. Nguo zitiwe kwenye mfuko na kufungwa, na anayembeba ajiangalie mwenyewe. Lakini mtoto akiwa tayari anakoroma au hapumui vizuri, usimalize ndoo kumi ukiwa nyumbani. Vua nguo, mwagia maji ya haraka, ondoka. Akishikwa na degedege mlaze ubavu, usimtie kijiko mdomoni.

Mnaweza kusikia kwamba hospitali humpa mtoto mkaa wa kunywa. Ni kweli, kwa baadhi ya sumu, akifika mapema. Ule ni mkaa uliotengenezwa maalumu, laini sana, na wanampa baada ya kuhakikisha koo lake liko salama. Makaa ya mbabula hayafanyi kazi ile.

Neno moja juu ya dawa ya panya na vile vikaratasi vya unga vinavyouzwa sokoni bila jina. Aina nyingine za dawa ya panya hazionyeshi kitu siku hiyo wala kesho yake, halafu baada ya siku mbili au tatu mtoto anaanza kutoka damu puani na kwenye fizi. Aliyekula apelekwe siku ile ile, na kikaratasi kibebwe hata kama hakina maandishi. Rangi ya unga na harufu yake pia humwambia daktari kitu.

Tulikaa na yule bibi wa Buyenzi na mkwe wake tukazungumza juu ya chupa. Mama alisema, “Mwalimu, nina chumba kimoja, niiweke wapi?” Hatukuwa na jibu la kitabuni. Ila tulikubaliana kwamba kosa halikuwa petroli kuwa ndani ya nyumba, kosa lilikuwa chupa ya Fanta. Mtoto wa umri ule hasomi, anasoma umbo. Chupa ya soda ni kinywaji, kikombe ni kinywaji, kikopo cha yaguti ni chakula. Huko Afrika Kusini, miaka ya 1990, kuna mahali walizigawia familia vyombo vya petroli vyenye kifuniko ambacho mtoto hawezi kukifungua, na watoto walioletwa hospitali kwa kunywa petroli wakapungua karibu nusu. Sisi hatuna vifuniko hivyo, lakini tuna bido ndogo yenye kizibo cha kuzungusha, ambayo haijawahi kutiwa kinywaji, na tuna msumari mrefu juu ya mlango au mti wa katikati ya hema.

Na chombo cha dawa kisirudi jikoni, hata ukikiosha mara mia. Mwaka 2013, katika jimbo la Bihar nchini India, watoto 23 walikufa baada ya kula chakula cha mchana shuleni kwao. Uchunguzi ulikuta dawa ya shamba, monokrotofosi, ndani ya mafuta yaliyopikiwa, na ilisemekana mafuta yale yaliwekwa ndani ya chombo kilichokuwa cha dawa. Vyombo vya namna hiyo vina mdomo mpana na kizibo kizuri, tunajua vinatamanisha kwa maji. Vitoboeni chini msije mkashawishika.

Bibi alikuwa na lake la mwisho. Alisema tangu sasa jioni atakaa yeye na mtoto mlangoni mpaka mbabula ishike, kwa sababu chupa hutoka kwenye msumari saa hiyo hiyo moja kila siku, na mtoto anajua. Tuliliandika, kwa kuwa sisi hatukuwa tumelifikiria.

Ijumaa hii, watoto wakishatoka darasani, tutakaa chini ya mwembe na wazazi wanaopenda kujifunza kuhesabu pumzi. Njooni na mtoto mmoja mdogo na simu yoyote yenye saa. Tutahesabu watoto wazima kwanza, ili siku ukimwona mgonjwa ujue tofauti.